Msitie Mahari Kwenye Foreksi ya Mkopo



Leo liwa na udi tunaviweka kando. Tumepokea swali kutoka kwa dada mmoja wa Ilula, wilaya ya Kilolo, mkoa wa Iringa, na tumeona tukilijibu faraghani tutawanyima wengi haki yao. Dada huyu ameshaposwa. Mchumba wake alimletea sehemu ya mahari, shilingi 250,000, nayo ameihifadhi. Sasa kijana anaiomba irudi kwake "kwa wiki chache tu", akaizungushe kwenye foreksi ya simu, kisha siku ya nikahi aje na milioni mbili na nusu. Dada anasema kijana si mhuni. Anaswali, hana ulevi, amehudhuria darasa la foreksi mjini Iringa na amelipia ada yake. Wala kampuni anayofanyia si ya kubuni, maana alishawahi kutoa shilingi 30,000 za faida zikaingia kwenye simu yake. Dada anauliza: "Nimpe?"

Jibu letu ni la neno moja: usimpe.

Na tunalisema hivyo bila kumtukana kijana wa watu. Hatuzungumzii matapeli hapa. Utapeli wa upatu na wa "tuma hela uvune mara tatu" kila mtu keshausikia. Tunazungumzia jambo ambalo watu hawaambiwi: kwamba hata dalali akiwa mwaminifu na kijana akiwa na nidhamu, akaunti ndogo inayoendeshwa kwa fedha za kukopa inaelekea kuisha. Haiishi kwa uchawi wala kwa husda. Inaisha kwa hesabu, na hesabu hiyo mwanamke yeyote aliyewahi kupeleka nyanya sokoni anaiweza.

Foreksi ya mkopo ni nini? Tuanzie kwenye tenga la nyanya

Ilula, kwa dada zetu wa visiwani wasioijua, iko kando ya barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, na sifa yake ni nyanya. Basi tuseme dada yetu ana shilingi 20,000, na bei ya tenga moja ni hizo hizo 20,000. Akinunua tenga lake kwa fedha yake, bei ikashuka kwa shilingi 200, amepoteza shilingi 200. Nyanya bado anazo. Anaweza kungoja mnunuzi wa jioni, anaweza kuzipeleka kwingine, na likiharibika kabisa jambo atapika mchuzi.

Sasa atokee mwenye lori amwambie: "Wewe weka tenga lako moja kwangu rehani. Mimi nitakuongezea matenga 99, tuandike yote 100 kwa jina lako. Bei ikipanda, faida yote yako." Bei ikipanda kwa shilingi 200 tu kila tenga, faida ni shilingi 20,000. Mtaji umezaa mara mbili kwa asubuhi moja! Hapo ndipo watu wanapopiga picha ya skrini na kuitupia kwenye kundi.

Lakini bei ikishuka kwa shilingi 200 hizo hizo, hasara ni shilingi 20,000, yaani tenga lake lote. Mwenye lori hatangoja. Atauza matenga yote 100 hapo hapo, achukue chake kilicho kizima, na dada arudi nyumbani mikono mitupu. Bei ikipanda tena baada ya adhuhuri haimsaidii kitu. Alikuwa na haki kuhusu bei ya jioni, ila hakuwepo tena sokoni jioni ilipofika.

Hiyo ndiyo foreksi ya simu. Badala ya nyanya ni bei ya euro kwa dola, au pauni kwa dola. Mwenye lori ni dalali, wenyewe humwita broka. Mkopo wake huitwa levereji, na kwenye programu ya simu utauona umeandikwa 1:100, 1:500, hata 1:1000. Maana yake ni kwamba kwa kila dola moja unayoweka rehani, unaruhusiwa kushika mali ya dola 100, au 500, au 1,000.

Wala msidanganywe kwamba hii ni sawa na duka la kubadilishia fedha. Kwenye duka unatoa shilingi zako, unapewa dola mkononi, mmemalizana. Kwenye simu hupewi euro yoyote. Unashika ahadi kuhusu bei, na sehemu kubwa ya ahadi hiyo imesimama juu ya fedha isiyo yako.

Tuipige hesabu ya shilingi 250,000

Mali bila daftari huisha bila habari. Tufungue daftari basi.

Kwa wepesi wa hesabu tuseme dola moja ni shilingi 2,500. Mahari ya dada yetu ni dola 100. Dalali ametoa levereji ya 1:500. Euro moja inauzwa dola 1.1000.

Soko hili hupima kwa loti. Loti moja kamili ni euro 100,000. Kijana hawezi hiyo, kwa hiyo anafungua sehemu ya kumi yake, inayoandikwa 0.10, yaani euro 10,000. Thamani yake ni dola 11,000. Rehani anayowekewa kando ni dola 22 tu, na hapo ndipo moyo unapotulia: "Nimetumia 22, nina 78 za akiba." Kumbe ana dola 100 mfukoni na amebeba mzigo wa dola 11,000. Mzigo ni mara 110 ya mtaji wake.

Bei ya euro husomwa hadi tarakimu ya nne baada ya nukta. Ikitoka 1.1000 kwenda 1.1001, hiyo ni hatua moja, wenyewe huiita pipu. Kwa mzigo huu kila hatua moja ni dola moja. Euro ikipanda hatua 30, kijana amepata dola 30, sawa na shilingi 75,000, na pengine amekaa saa mbili tu. Ikishuka hatua 30, amepoteza hizo hizo.

Je, atafungiwa lini? Madalali wengi huweka mpaka: fedha iliyobaki ikifika nusu ya rehani, mfumo unafunga biashara wenyewe bila kukuuliza. Nusu ya rehani ya dola 22 ni dola 11. Kwa hiyo akipoteza dola 89, yamekwisha. Dola 89 ni hatua 89, na hatua 89 ni chini ya asilimia moja ya bei ya euro. Bei ya euro kwenda umbali huo ndani ya siku moja, tangu alfajiri mpaka usiku, wala si tukio la kuandikwa magazetini. Siku yenye taarifa kubwa ya ajira au riba kutoka Marekani inaweza kwenda zaidi.

Mahari inabaki shilingi 27,500. Euro haikuporomoka, vita havikutokea. Soko limepumua tu, kama linavyopumua kila siku.

Wajuzi watatwambia: "Basi afungue mzigo mdogo zaidi." Vizuri, tufanye hivyo. Kipimo kidogo cha kawaida ni 0.01, yaani euro 1,000. Hapo hatua moja ni senti kumi za dola. Akipata hatua 20, na hizo ni kazi, amepata dola mbili, shilingi 5,000. Tuseme kijana wetu ni hodari kuliko mameneja wengi wa fedha duniani, anapata faida ya asilimia 20 kwa mwaka mzima baada ya kuondoa hasara zote. Asilimia 20 ya dola 100 ni dola 20. Ni shilingi 50,000 kwa mwaka, kwa kukesha na simu.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe, dada zetu. Akaunti ndogo ikiendeshwa kwa usalama hailipi chochote cha maana. Ikiendeshwa kwa namna ya kulipa, haidumu. Ili laki mbili na nusu igeuke milioni mbili na nusu kabla ya nikahi, hakuna njia nyingine isipokuwa kubeba mzigo usiobebeka. Mkopo wa dalali ndio unaoifanya ndoto hiyo ionekane inawezekana, na ndio huo huo unaoiua.

Haba na haba humaliza kibaba

Kuna jambo la pili, nalo ni la kimya kimya. Kila unapofungua biashara, kuna bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na hazilingani. Tofauti yake huitwa spredi, na huo ni ujira wa dalali. Tuseme ni hatua moja na nusu. Kwa mzigo wetu wa 0.10 ni dola moja na nusu. Ukinunua na kuuza papo hapo, bei haijasogea hata kidogo, umeshapungukiwa dola moja na nusu kati ya mia.

Mtu husema, "Dola moja na nusu ni nini?" Haya, tuhesabu. Kijana anafanya biashara tano kwa siku, siku tano kwa wiki. Baada ya wiki nne amefanya biashara 100. Ameshalipa dola 150 za spredi, na mtaji wake ulikuwa dola 100. Yaani ujira peke yake ni mkubwa kuliko mahari yote!

Tazameni unavyofanya kazi. Kijana anajiwekea lengo la faida ya hatua 20 na mpaka wa hasara wa hatua 20. Anadhani ameweka nusu kwa nusu. Lakini kwa sababu ya spredi, ili ashinde, bei lazima isogee hatua 21 na nusu upande wake. Ili ashindwe, inatosha isogee hatua 18 na nusu upande wa pili. Kama hana ujuzi wa kweli wa kujua bei inaelekea wapi, basi katika biashara 100 atashinda kama 46 na kushindwa kama 54. Hataliona hilo kwa macho. Siku moja atashinda tatu mfululizo, atafurahi, ataongeza mzigo. Ila mzani umeinama tangu mwanzo, na kila anapobonyeza kitufe unainama tena.

Na kupanda kutoka shimoni ni kuzito kuliko kuingia. Aliyepoteza nusu ya mtaji wake, kutoka dola 100 hadi 50, hahitaji faida ya asilimia 50 kurudi alipokuwa. Anahitaji asilimia 100. Ndiyo maana akishafika 50 anaanza kubeba mzigo mkubwa zaidi kuliko mwanzo, ili "arudishe". Wake wengi wanaijua hiyo wiki: mtu halali, hali, simu haitoki mkononi, na ukimsemesha anakuwa mkali.

"Wanaopoteza ni wasio na elimu"

Hili ndilo jibu la walimu wa madarasa. Ukipoteza, kosa ni lako: hukuwa na nidhamu, hukuwa na subira, njoo ulipie darasa la pili.

Kama ni kukosa elimu, tuwatazame Wazungu, wenye sheria kali na umeme usiokatika. Mamlaka ya masoko ya fedha ya Ufaransa ilifuatilia akaunti za wateja wapatao 15,000 kwa miaka minne, 2009 hadi 2012. Matokeo yalitolewa mwaka 2014: wateja 89 katika kila 100 walipoteza, kwa wastani wa karibu euro 10,900 kila mmoja. Na waliozidi kufanya biashara na kukaa muda mrefu hawakuonekana kujifunza wakapona. Hasara zao ziliendelea kukua.

Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilikusanya tafiti za nchi mbalimbali, ikasema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida hupoteza fedha. Ikachukua hatua. Ikapunguza mkopo wa dalali usizidi 1:30 kwa sarafu kubwa, na ikalazimisha kila dalali aandike kwenye matangazo yake ni asilimia ngapi ya wateja wake wanapoteza. Kwa hiyo dalali mwenyewe, akiwa Ulaya, analazimika kukiri. Kampuni nyingi zina tawi jingine lililosajiliwa kwenye visiwa vya mbali, na huko ndiko mteja wa Afrika anakosajiliwa, anapewa 1:500 au zaidi, na anaambiwa ni upendeleo! Mkopo ambao mwenzako wa Ulaya amekingwa nao kwa sheria, wewe unauzwa kama zawadi.

Kenya wao waliweka kanuni za foreksi ya mtandaoni mwaka 2017 na kuanza kutoa leseni. Ni jambo jema, kwani leseni humzuia dalali kukimbia na fedha. Lakini leseni haibadilishi hesabu ya tenga la nyanya.

Je, wapo wanaopata? Wapo. Hata kwa takwimu hizo za Ulaya, katika kila 100 wako 11 hadi 26 ambao hawakupoteza katika kipindi kilichopimwa. Hatukatai. Ila hao ndio mnaowaona. Aliyeunguza akaunti hatumi picha ya skrini, anajitoa kwenye kundi kimya kimya. Na baadhi ya mnaowaona wakiwa juu ya magari hawali kutoka sokoni. Wanakula ada za madarasa, wanauza ishara za "nunua sasa, uza sasa", na wengine hulipwa na dalali kwa kila loti inayofanywa na mtu waliyemleta. Anayelipwa hivyo anapata ukishinda na anapata ukishindwa. Anachohitaji ni wewe ubonyeze mara nyingi.

"Ameweka amri ya kukata hasara"

Hoja hii ina uzito, tuiheshimu. Mtu anaweza kuagiza mapema: bei ikifika hapa, nifungie, nisipoteze zaidi. Ni amri nzuri na asiyeitumia anajitafutia. Lakini ina mipaka miwili.

Kwanza, kwa akaunti ndogo yenye mzigo mkubwa, amri hiyo lazima iwekwe karibu sana na bei, la sivyo hasara inakuwa kubwa mno. Ikiwekwa karibu, kila bei inapotikisika kidogo inamfungia. Anapoteza kidogo kidogo mara nyingi badala ya kupoteza kikubwa mara moja.

Pili, amri hiyo si ukuta. Ni maombi ya kuuza kwa bei itakayopatikana. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza ghafla kwamba haitalinda tena kiwango cha faranga 1.20 kwa euro moja, ilichokuwa imekishikilia tangu 2011. Ndani ya dakika chache euro ikaanguka chini ya faranga moja. Walioweka amri zao karibu na 1.20 hawakuuziwa hapo, kwa sababu hakukuwa na mnunuzi. Waliuziwa mbali sana chini. Wengine walimaliza mtaji wote na bado wakaambiwa wanadaiwa. Dalali Alpari wa Uingereza alifilisika, na FXCM, mmoja wa wakubwa wa Marekani, alinusurika kwa mkopo wa dharura wa dola milioni 300. Madalali wenyewe hawakuokoka na amri zao. Kijana wetu wa Ilula, mwenye simu ya bando la siku na umeme unaokatika, ataokolewa na nini?

"Lakini ni akaunti ya Kiislamu"

Hapa inatupasa kusema, maana neno hili linauzwa kwetu sisi hasa.

Biashara ikilala usiku, dalali hutoza au hulipa riba ya mkopo. Huitwa swapu, na huandikwa saa kumi na moja jioni ya Nyuyoki, ambayo kwetu ni saa sita au saa saba ya usiku kulingana na majira yao. Akaunti ya Kiislamu ni ile iliyoondolewa swapu. Kijana anasema, basi riba imetoka, tumesalimika.

Ulizeni: imekwenda wapi? Dalali si mtoa sadaka. Mara nyingi hurudi kwa mlango mwingine: spredi inapanuliwa, au inaandikwa "ada ya uendeshaji" kila siku baada ya siku kadhaa. Jina limebadilika, mkono ni ule ule. Na hata ikiondoka kweli, mkopo umebaki pale pale. Anayekukopesha anakukopesha kwa sharti ununue na kuuza kwake, naye anapata ujira kwa kila mzunguko.

Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Rabita huko Makka lililitazama suala la biashara ya mkopo wa rehani mwaka 2006, katika kikao chake cha 18, likaamua kuwa haijuzu. Miongoni mwa sababu zake ni riba ya kulaza biashara, kuchanganya mkopo na biashara yenye manufaa kwa mkopeshaji, na madhara yanayowapata watu. Sisi si mamufti. Muulizeni sheikh wenu, ila mkimuuliza msimuulize tu "je, kubadilisha fedha ni halali?" Atawaambia ni halali kwa masharti yake, na mtatoka na jibu la swali jingine. Muelezeni mkopo, rehani, ujira na kufungiwa, kisha msikilize.

Dada wa Ilula, mwambie hivi

Mahari ni yako. Si ya baba, si ya mjomba, wala si mtaji wa mchumba. Umeshaipokea, na kuirudisha ili ikachezewe ni kubeba wewe hasara ya biashara ambayo hukuichagua. Mwambie kwa upole na bila kejeli, maana wengi wa vijana hawa hawana tamaa mbaya. Wanaona aibu ya mfuko mtupu na gharama za harusi tulizozipandisha sisi wenyewe.

Kisha mwombe mambo matatu. Akuoneshe historia nzima ya akaunti yake tangu aifungue, pamoja na fedha zote alizoweka na zote alizotoa. Picha ya biashara moja iliyoshinda haitoshi. Usiandikie mate na wino upo: shilingi 30,000 alizotoa zina maana gani kama aliweka 180,000? Akuoneshe ukubwa wa mzigo anaofungua ukilinganisha na salio. Ukiona salio ni dola 100 na mzigo ni 0.10, sasa unajua mwenyewe siku zake zimebaki ngapi. Na akwambie fedha inatoka wapi. Kama ni mkopo wa VICOBA, au fedha ya shamba la miti la wazee, basi ni mkopo juu ya mkopo: dalali atamfungia ndani ya dakika, na kikundi kitamdai kila wiki.

Kama anataka kujifunza, akaunti za majaribio zisizo na fedha ya kweli zipo, bure. Afanye mwaka mzima, kwa salio lile lile la dola 100 ambalo angekuwa nalo kweli, si zile dola 10,000 za kujifurahisha. Aandike kila biashara kwenye daftari. Akimaliza mwaka hajaiunguza, atakuwa amepata jambo ambalo wengi hawana, na hata hapo faida yake haitatosha kununua kitanda.

Na kama anacho cha kuleta sasa ni hiyo 250,000 peke yake, basi nikahi ifungwe kwa hiyo. Mahari ndogo iliyo mkononi ina heshima kuliko milioni mbili na nusu zilizo kwenye picha ya skrini. Anayewapigia mahesabu ya kuizidisha mara kumi kwa wiki chache, mwambieni aanze na mahari ya dada yake mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.